Maoni ya Wateja Mtandaoni

Maoni ya wateja mtandaoni ni tathmini ambazo wanunuzi huandika kwenye intaneti kuhusu bidhaa au huduma waliyoitumia, mara nyingi pamoja na nyota 1 hadi 5. Hufanya kazi ya sifa za mdomo kwa mdomo, ila hapa msemaji na msikilizaji hawajuani.

Imani ya wateja

Mwaka 2011 Michael Luca wa Harvard alilinganisha nyota za tovuti ya maoni ya Yelp na mapato ya migahawa mjini Seattle, Marekani. Nyota moja zaidi iliongeza mapato kwa asilimia 5 hadi 9, lakini kwa migahawa ya kujitegemea tu. Ile yenye matawi mengi haikuguswa, kwa kuwa mteja huijua kabla hajafika.

Majibu ya wenye biashara

Utafiti mashuhuri ni wa Davide Proserpio na Georgios Zervas kuhusu hoteli za Texas, uliochapishwa mwaka 2017. Tatizo lao lilikuwa hili: hoteli inayoanza kujibu wateja huenda imenunua na magodoro mapya, hivyo nyota zikipanda haijulikani kilichozipandisha. Wakatumia ujanja mzuri. Hoteli zilezile zilikuwamo kwenye tovuti mbili: Tripadvisor, ambako mameneja walijibu sana, na Expedia, ambako walijibu kwa nadra. Magodoro yangepandisha nyota pande zote mbili. Majibu yangezipandisha Tripadvisor peke yake.

Ndivyo ilivyokuwa. Maoni yaliongezeka kwa asilimia 12 na wastani ukapanda kwa nyota 0.12. Kiasi hicho ni kidogo, lakini Tripadvisor ilikuwa ikionyesha wastani kwa nusu nyota: hoteli ya 3.70 ilionekana na 3.5, na ikifika 3.82 ilionekana na 4.

Sababu yake haikuwa kwamba waliokasirika walitulizwa. Mgeni anayejua meneja atasoma na kujibu hasiti kusifu, ila husita kutupa lawama ya mstari mmoja isiyo na ushahidi. Lawama zilipungua, lakini zilizobaki zilikuwa ndefu na zenye maelezo. Kwa hiyo meneja anayeambiwa “maji ya moto hayakutoka” hufaidika zaidi akitaja kilichoharibika na lini kilitengenezwa. “Asante kwa maoni yako” iliyonakiliwa chini ya kila lalamiko humwonyesha msomaji kwamba hakuna aliyesoma. Judith Chevalier na wenzake, hata hivyo, waliona majibu yakichochea lawama zaidi, kwa kuwa mlalamikaji huona anasikilizwa.

Maoni ya uongo

Mwaka 2017 mwandishi Oobah Butler aliupandisha mgahawa usiokuwapo, The Shed at Dulwich, hadi nafasi ya kwanza London kwenye Tripadvisor, kwa maoni ya kubuni kutoka kwa marafiki. Marekani ilipiga marufuku ununuzi wa maoni ya uongo kwa kanuni ya mwaka 2024.