Antena Sanjari: Mnara Mmoja wa Nakuru Unavyowahudumia Wengi kwa Masafa Yale Yale

Saa mbili usiku mtaani Kaptembwo, magharibi mwa jiji la Nakuru, simu inaweza kuonyesha mistari yote ya netiweki huku video ikikwama kila baada ya sekunde chache. Mtu hudhani mnara umeharibika, au bando limeibwa. Mara nyingi mnara ni mzima, na mawimbi yanafika vizuri. Tatizo ni kwamba watu waliorudi kutoka kazini wamewasha simu kwa wakati mmoja, na wote wanagawana kitu kimoja ambacho hakiongezeki: upana wa masafa ambayo kampuni imepewa leseni kuyatumia.

Tuweke hesabu. Minara mingi huligawa eneo lake katika pande tatu. Tuseme upande mmoja una masafa yenye upana wa megahezi 60, na kila hezi inabeba biti 5 kwa sekunde, kiasi ambacho simu iliyo karibu na mnara huweza kufikia. Jumla ni megabiti 300 kwa sekunde. Wakiwa watu 12 wanaopakua video pamoja, kila mmoja anapata 25. Wakifika 120, kila mmoja ana megabiti 2 na nusu. Kuongeza nguvu ya mtambo hakusaidii sana, kwa sababu biti zinazobebwa huongezeka polepole mno: kwenye mawimbi yaliyo safi, ni lazima nguvu iongezwe maradufu ili kila hezi ipate biti moja tu zaidi.

Njia iliyopatikana ni kuyatumia masafa hayo hayo mara kadhaa kwa wakati mmoja, kwa watu tofauti, kutoka mnara ule ule. Wahandisi huiita MIMO, kifupi cha maneno yenye maana ya maingizo mengi na matokeo mengi. Tafsiri hiyo ya neno kwa neno haimwambii msomaji ni kitu gani kinachoingia wala kinapotoka. Mimi natumia antena sanjari. Sanjari ni kwenda pamoja kwa mpangilio, na huo ndio moyo wa jambo lenyewe, kwani antena nyingi zisizopangiliwa hazina faida hii. Kwa ufundi wa pili, unaoandamana nao, natumia uundaji mwale. Wapo wanaopendelea kusema kulenga mwale, lakini kulenga kunafanya tufikirie kwamba mwale upo tayari, umebaki kugeuzwa tu. Hapa mwale haupo mpaka uundwe.

Wazo hili la kuunda halihitaji chombo kizunguke. Kituo cha setilaiti cha Longonot, kilichofunguliwa mwaka 1970 kusini ya Naivasha, kilitegemea sahani kubwa ya chuma: umbo lake ndilo lililokusanya mawimbi, na kubadili mwelekeo kulimaanisha kuligeuza dude zima. Paneli ya 5G iliyofungwa juu ya mnara haisogei hata kidogo. Ndani yake kuna safu za antena ndogo, na kinachobadilishwa ni wakati ambao kila antena inarusha wimbi lake. Mwaka 1905 mwanafizikia Mjerumani Karl Ferdinand Braun alikwishaonyesha kwa antena tatu kwamba kuchelewesha wimbi la mojawapo hubadili upande ambao nguvu inaelekea. Kilichokuja baadaye ni uwezo wa kufanya hivyo kwa makumi ya antena, upya, mara nyingi ndani ya sekunde moja.

Aliyewahi kutazama mashua mbili zikipishana katika Ziwa Naivasha ameona jambo lenyewe. Mahali ambapo kilele cha wimbi la moja kinakutana na kilele cha la pili, maji huinuka zaidi. Kilele kikikutana na bonde, maji hutulia. Mawimbi ya redio hujumlishana na kufutana vivyo hivyo.

Sasa tuchukue paneli yenye safu 8 za antena zilizosimama bega kwa bega, ikitumia masafa ya gigahezi 2.6. Urefu wa wimbi moja hapo ni sentimita 11.5. Safu hupangwa zikiachana kwa nusu ya urefu huo, yaani karibu sentimita 5.8, kwa hiyo safu zote 8 zinaenea katika upana wa takribani nusu mita. Mteja wa kwanza, tumwite Achieng', yuko mbele kabisa ya paneli. Wa pili, Kiprono, yuko kando kwa digrii 30.

Mnara ukirusha kutoka safu zote 8 kwa pamoja, mawimbi yanamfikia Achieng' yakiwa yamelingana, kilele juu ya kilele. Kwa jumla ile ile ya nguvu, anapokea mara 8 ya kile ambacho angepata kutoka safu moja. Kwa Kiprono mambo ni tofauti. Kwa kuwa yuko kando, wimbi la kila safu linasafiri sentimita 2.9 zaidi ya lile la jirani yake kabla ya kumfikia, na hiyo ni robo ya wimbi. Safu ya kwanza na ya tatu zinapishana kwa nusu ya wimbi, kilele cha moja kikianguka juu ya bonde la nyingine, na zinafutana. Ya pili inafutana na ya nne, ya tano na ya saba, ya sita na ya nane. Kiprono hapati chochote cha ujumbe wa Achieng', ingawa wote wawili wako ndani ya eneo la mnara mmoja.

Ili kumhudumia Kiprono, mnara unaifidia tofauti hiyo makusudi: wimbi la kila safu linarushwa likiwa limetangulizwa au kucheleweshwa kwa robo ya wimbi kulinganisha na la jirani yake, tofauti ya takribani sehemu moja ya bilioni kumi ya sekunde. Sasa vilele vinakutana kwa Kiprono, na kwa Achieng' ndiko mawimbi yanakofutana. Kisha mnara unafanya yote mawili papo hapo. Kila safu inarusha jumla ya ishara mbili, kila ishara ikiwa na mpangilio wake wa wakati. Masafa ni yale yale, sekunde ni ile ile, na hakuna anayesikia ya mwenzake.

Turudi kwenye hesabu ya watu 12. Mnara sasa unawahudumia wanne kwa wakati mmoja. Nguvu imegawanywa mara nne, na kwa ile kanuni ya maradufu kila mmoja anapoteza biti mbili: kutoka 5 kwa hezi hadi 3. Lakini mikondo ni minne, kwa hiyo jumla ni biti 12 kwa hezi badala ya 5. Megabiti 300 zimekuwa 720, na mgao wa kila mtu umetoka 25 hadi 60. Sijahesabu ile faida ya mawimbi kujumlishana, wala hasara ya mabaki yasiyofutika sawasawa, na mtaani hasara hiyo haikosekani.

Ni hapa watu wengi huelewa vibaya. Mwale hauna ncha kali. Kwa safu 8, upana wake ni karibu digrii 13, ambazo kwa umbali wa nusu kilomita ni zaidi ya mita 110. Wapangaji wawili wa ploti moja wamo ndani ya mwale mmoja, na kwa mwelekeo peke yake mnara hauwezi kuwatenganisha. Kinachosaidia ni kwamba mtaani mawimbi hayaji kwa mstari mmoja tu. Yanagonga kuta na mabati na kufika kwa njia kadhaa, na mchanganyiko wa njia hizo unaweza kutofautiana hata kati ya chumba na chumba. Usipotofautiana vya kutosha, kompyuta ya mnara huwapa majirani hao zamu, kisha humuunganisha kila mmoja na mtu aliye upande mwingine kabisa.

Mnara unajuaje mchanganyiko huo? Hauchori ramani, wala hautumii GPS ya simu. Simu hutuma ishara fupi inayojulikana, na kila antena ya mnara huangalia ishara hiyo imefika lini na ikiwa na nguvu gani. Katika bendi hii mnara na simu hupokezana masafa yale yale kwa zamu, na njia inayopitisha wimbi kwenda hupitisha vilevile kurudi. Mnara ukijua wimbi la Kiprono limefikaje, unaugeuza mpangilio huo na kumrudishia.

Elimu hiyo huchakaa upesi. Matatu inayoelekea Gilgil kwa kilomita 80 kwa saa, kasi ya juu inayoruhusiwa na sheria, husonga nusu ya wimbi katika milisekunde 2.6. Penye mawimbi yanayoruka huku na huku, vipimo vya muda mfupi uliopita havifai tena, na kufutana kwa mawimbi kunaharibika. Kwa abiria huyo mnara huachana na ujanja wa kutenganisha watu, ukamfuata kwa mwale mpana unaojali tu gari liko upande gani. Anayefaidi zaidi ni aliyetulia nyumbani, dukani au darasani.

Safaricom ilianza majaribio ya 5G nchini Machi 2021 na kuizindua kibiashara Oktoba 2022. Airtel ikafuata Julai 2023. Anayeishi kwenye miteremko ya Mau anaweza kuuliza kwa nini paneli kama hizi hazifungwi huko pia. Jibu moja ni idadi ya watu: penye simu tatu zinazotumika, hakuna foleni ya kupunguza. Jibu jingine liko kwenye urefu wa wimbi. Ili kufika mbali na kupenya miti, vijijini hutumika masafa ya chini kama megahezi 800, ambako wimbi moja lina sentimita 37.5. Safu 8 zingehitaji upana wa mita moja na nusu, ubao mkubwa na mzito ambao upepo wa mlimani ungeusukuma pamoja na mnara. Kwa hiyo huko utaona antena ndefu nyembamba zenye milango miwili au minne tu.

Mistari ya netiweki kwenye simu haitakuambia lolote kuhusu haya, kwa maana inapima ishara ya tangazo ambayo mnara humtumia kila mtu, si mwale uliotengenezwa kwa ajili yako. Kwenye simu nyingi za Android unaweza kupiga `*#*#4636#*#*` na kufungua ukurasa wa taarifa za simu, wenye kipimo cha nguvu ya ishara kwa dBm. Kaa mahali pamoja, pima nguvu na kasi saa mbili usiku, kisha saa kumi alfajiri. Nguvu ikibaki karibu na ile ile huku kasi ikiwa imepanda mara kadhaa, tatizo lako ni msongamano, na hilo antena sanjari hulipunguza. Nguvu ikiwa hafifu nyakati zote mbili, kinachokukwamisha ni umbali au ukuta.