Haya na hatia: kutofautisha na kuachilia

Katika makanisa yetu ya Likasi maneno haya mawili yanachanganywa mara nyingi, hata katika mashauri. Mtu akisema «nasikia haya», tunadhani ametubu. Pengine bado.

Hatia inatazama tendo: «nilichukua pesa za wenzangu.» Haya, au aibu, inamtazama mtu mwenyewe: «mimi ni mwizi, mimi si kitu.» Mwenye kusikia hatia anamfikiria yule aliyeumizwa na anatafuta namna ya kutengeneza. Mwenye kusikia haya anafikiria macho ya watu, naye anajificha. Akikosa pa kujificha, anakasirika na kuwalaumu wengine. Hiyo ndiyo sababu mtu aliyekemewa mbele ya wote anaweza kutoka mlangoni akiwatukana wazee.

Jambo hili limepimwa. Huko Marekani, mwanasaikolojia June Tangney na wenzake waliwahoji wafungwa 476, kisha wakawafuatilia mwaka mmoja baada ya kufunguliwa. Matokeo yalitoka mwaka 2014. Wale wenye mwelekeo wa kusikia hatia walirudia makosa kidogo zaidi. Kwa wale wa aibu, njia ziligawanyika: aibu iliyowafanya walaumu wengine iliwasukuma kurudia, lakini aibu isiyo na lawama iliweza hata kuwazuia. Kwa hiyo haya si sumu kila mara. Wazazi wetu walijua hilo, maana mtu asiye na haya hasifiwi po pote.

Tuchukue mfano wa likelemba, kwa sababu kila mama wa Kikula au Panda anaijua. Tuseme kuna wanamemba kumi, kila mmoja anatoa franka 20.000 kwa juma, na mwenye kushika sanduku ametumia 60.000 kwa dawa za mtoto. Zamu inafika, pesa hazitoshi. Akianza kukosa mikutano, akizima simu, akisema «hata wao wanachelewa kulipa», hapo aibu ndiyo inayomwongoza. Angalieni pia yule anayelia na kujitukana saa nzima bila kutaja kiasi. Machozi yake yanaweza kuwa ya kweli, lakini kikundi kinaishia kumbembeleza yeye, na mwenye zamu anarudi nyumbani mikono mitupu.

Njia ya kutoka huanza na kutaja tendo kwa kipimo chake: «Nilichukua 60.000, siku fulani, bila kuomba.» Pasiwe na «lakini» nyuma yake. Sababu ya dawa inaweza kuelezwa baadaye, wakiuliza. Na isemwe kwanza kwa walioumizwa, pamoja na mtu mmoja wanayemwamini, si kwenye matangazo ya ibada. Kosa la watu kumi likitangazwa kwa watu mia tatu, tumezaa aibu mpya ambayo malipo hayawezi kuifuta.

Kisha kurudisha. Sheria ya Hesabu 5:7 inaagiza kuungama, kurudisha yote, na kuongeza sehemu ya tano. Tano ya 60.000 ni 12.000, jumla 72.000. Akilipa 6.000 kila juma, deni linaisha kwa majuma kumi na mawili. Tunaipenda sheria hii kwa kuwa deni lake lina mwisho. Aibu haina hesabu, nayo inadai kila siku bila kutoa risiti. Basi siku ya malipo ya mwisho kikundi kiseme wazi, mbele ya mwenye kosa, kwamba deni limekwisha, na jina la utani alilopewa lisitumike tena. Kumrudishia sanduku ni shauri lingine: anaweza kusamehewa leo na sanduku likashikwa na mwingine mwaka mzima.

Baada ya hapo aibu inaweza kubaki, hasa usiku. Tunamshauri ajiulize: kuna jambo ambalo sijalitengeneza? Likiwepo, hiyo bado ni hatia, alitengeneze. Lisipokuwepo, asiungame tena na tena. Maungamo yanayorudiwa hulisha aibu. Afadhali aende mkutanoni kama kawaida, akae, asalimie. Mara za kwanza ni ngumu kweli. Na akianza kusema ni heri afe, asiachwe peke yake. Atafutiwe mganga siku ileile, pamoja na maombi.

Kuna aibu nyingine ambayo njia hii haiihusu kabisa: ya mwanamke aliyebakwa, ya mtoto aliyepigwa. Huko hakuna hatia kwa aliyeumizwa. Mchungaji akimwambia huyo atubu, anamwekea mzigo wa yule aliyemtendea.