Kipuri halisi, mbadala na mtumba: neno "orijino" linaficha nini

Muuza spea wa Gerezani, Dar es Salaam, au wa Barabara ya Kirinyaga, Nairobi, hulitumia neno "orijino" kwa vitu vitatu tofauti. Kwanza ni kipuri kilichomo kwenye boksi lenye nembo ya kampuni iliyotengeneza gari. Pili ni kipuri kipya cha kampuni nyingine yenye jina linaloaminika. Tatu ni kipuri kilichofunguliwa kwenye gari kuukuu huko Japani, ambacho muuzaji atakisifu akisema, "Hii ni orijino yenyewe, imetoka na gari." Kila kimoja kina bei yake, hatari zake na mtu wake wa kuulizwa kikiharibika. Mnunuzi asipoyatenganisha mambo hayo matatu, hulipa bei ya kimoja akapewa kingine.

Istilahi ya kwanza ni kipuri halisi, ambacho mafundi wengi hukiita jenyuini. Hapa neno "halisi" halina maana ya ubora peke yake. Lina maana kwamba kampuni ya gari imekitia nembo yake na namba yake, na imekubali kukisimamia. Kampuni hiyo si lazima iwe imekitengeneza. Toyota, kwa mfano, hununua shokapu kutoka KYB, kampuni ya Kijapani inayojulikana pia kwa jina la Kayaba, na altaneta kutoka Denso. Kipuri kikishatiwa kwenye boksi la Toyota huwa jenyuini, na bei yake hupanda.

Istilahi ya pili, aftamaketi, ndiyo inayowatatiza wengi. Asili yake ni biashara ya vipuri inayoanza baada ya gari kuuzwa, lakini tukitafsiri hivyo neno kwa neno mnunuzi hataelewa. Kipuri mbadala ni tafsiri inayofaa zaidi: ni kipuri kipya kilichotengenezwa kuchukua nafasi ya kile halisi, kikauzwa kwa jina la mtengenezaji wake mwenyewe. Shokapu ya KYB iliyo ndani ya boksi la KYB ni mbadala. Ya kiwanda ambacho hujawahi kukisikia nayo ni mbadala. Kwa hiyo neno hili halikuambii kama kipuri ni kizuri au kibaya, bali linakuambia kwamba mdhamini wake si kampuni ya gari. Tena mbadala si feki. Kipuri feki hubeba nembo ya kampuni ambayo haikukitengeneza wala haikuruhusu kitengenezwe, na nembo ya KYB huibwa kama inavyoibwa ya Toyota.

Istilahi ya tatu ni kipuri cha mtumba. Neno mtumba limetoka kwenye nguo likaenea hadi kwenye magari, na kila mtu analielewa. Upungufu wake ni kwamba halisemi kipuri kimetumika kwa muda gani. Inawezekana kabisa kikawa kilitoka kiwandani na gari, hivyo asili yake ni halisi, lakini sehemu ya uhai wake imekwisha kuliwa.

Tuyapime maneno haya kwa shokapu za mbele za Toyota IST ya toleo la kwanza, gari lililojaa katika barabara zetu. Jambo la kwanza ni kukaa sawasawa. IST hiyo ina chesisi za NCP60 na NCP61, zinazovuta kwa magurudumu ya mbele, na NCP65, inayovuta kwa magurudumu yote manne. Ukisema tu "nataka shokapu ya IST", hujamaliza kuuliza. Soma namba ya chesisi kwenye kibao kilicho ndani ya boneti, umpe muuzaji yote. Kwa kipuri halisi, namba hiyo hutafutwa kwenye katalogi ya Toyota nayo hutoa namba ya kipuri. Namba ya shokapu ya mbele kulia huanza na 48510, ya kushoto 48520. Tarakimu hizo tano za mwanzo hutaja aina ya kipuri, na zinazofuata hutaja kinahusu gari lipi hasa. KYB ina namba zake, kwa hiyo duka linalouza mbadala linapaswa kuwa na katalogi inayolinganisha namba hizo mbili. Kwa mtumba, mara nyingi boksi halipo. Kinachobaki ni kuiweka ile ya zamani kando ya hii na kulinganisha urefu wa rodi, kiti cha springi, matundu ya boliti na kishikio cha mpira wa breki.

Jambo la pili ni bei, na hapa ufundi wa fundi haupaswi kusahaulika. Shokapu hubadilishwa mbili kwa pamoja, springi hubanwa na kufunguliwa, kisha gari hupelekwa alaimenti. Tuchukue bei za kukisia, ili hesabu ionekane. Jozi ya jenyuini iwe shilingi 500,000 za Tanzania, ya KYB 260,000, ya mtumba 100,000. Ufundi na alaimenti viwe 60,000 kila mara. Jumla zitakuwa 560,000, 320,000 na 160,000. Tukikisia kwamba zile za KYB zitadumu miezi 30, kila mwezi utakuwa umelipia karibu 10,700. Mtumba utalingana nazo iwapo utadumu miezi 15. Ukifa baada ya miezi minane, umelipa 20,000 kwa mwezi, na ufundi unaulipa tena. Jenyuini nayo ingepaswa kudumu zaidi ya miaka minne ili kulingana na KYB. Ikiwa imetoka kiwanda kilekile, sababu ya kutarajia tofauti kubwa hivyo ni ndogo.

Ndiyo maana mtumba wa shokapu unahitaji kupimwa kabla ya kulipiwa. Isimamishe wima, uibonyeze hadi chini na kuivuta juu mara kadhaa. Ukinzani uwe wa namna moja njia nzima. Pakiwa na sehemu inayoteleza bila nguvu, vali au oili ina kasoro. Ikiwa ni ya gesi, ukiiachia rodi inapaswa kupanda yenyewe taratibu. Angalia oili kuzunguka sili, na vidoti vya kutu kwenye rodi, kwa sababu kutu hiyo ndiyo itakayoikata sili. Alama ya kuchomelewa mahali ambapo kiwanda hakikuchomelea inaonyesha kwamba iliwahi kufunguliwa na kujazwa oili. Kwa mlango, taa ya nyuma au kioo cha pembeni, ambavyo haviliki kwa mwendo, mtumba huwa chaguo zuri zaidi kuliko kwa shokapu.

Jambo la tatu ni waranti. Ya kipuri halisi hutolewa na wakala wa kampuni ya gari, na mara nyingi sharti lake ni kifungwe na karakana inayokubalika. Ya mbadala hutolewa na mtengenezaji kupitia muuzaji wake, kwa hiyo duka lisilo na uhusiano naye linakuahidi kwa jina lake tu. Ya mtumba kwa kawaida huishia kwenye ruhusa ya kurudisha kipuri kisipokaa sawasawa, kwa siku chache mnazopatana. Vyovyote utakavyochagua, risiti isiandikwe "shokapu orijino". Iandikwe halisi, mbadala au mtumba, jina la mtengenezaji, namba ya kipuri, chesisi ya gari, na siku za kurudisha. Muuzaji akikataa kuandika neno mojawapo kati ya hayo matatu, usimlipe bei ya lile alilolitamka.