Usomaji Pacha

Karani wa mizani akikosea tarakimu, kanuni ya hesabu humtaka aikate kwa mstari mmoja, aandike iliyo sahihi kando yake na kutia saini. Lakini aghalabu, kwa haraka ya msimu, huikandamiza kalamu palepale juu ya ile ya kwanza, hata 3 ikageuka 8, ama 8 ikafanana na 3 iliyokolezwa wino, na anayelinakili daftari baada ya miaka asijue ashike ipi.

Kuziandika zote mbili, pasi na kuchagua, ndiko ninakokuita usomaji pacha. Wengine wamependelea "usomaji maradufu", neno zuri ambalo ndani ya daftari la kilo huleta fitina, kwani msomaji atadhani kiasi kimezidishwa mara mbili. "Kiraa" nalo lanivutia, ila kiraa za Kurani zote ni sahihi, ilhali mzani ulisema neno moja tu. Pacha ni bora, hasa huku Kasekese, wilayani Tanganyika, mkoani Katavi, ambako majina ya Kulwa na Doto si mageni: mmoja hutangulia, wala kutangulia hakumfuti mwenziwe. Katika kunakili natanguliza daima iliyo ndogo, ili mpangilio usije ukadhaniwa kuwa ni hukumu.

Tuchukue mfano wa ukurasa wa mahindi, ambao mstari mmoja wake wasomeka 138 au 188, kwa bei ya shilingi 600 kwa kilo. Kwanza ulaze mwanga wa tochi ubavuni mwa karatasi, kisha uigeuze na kupapasa mgongo wake, kwani kalamu iliyopita mara mbili huacha mfuo wa kina zaidi. Hayo yatakujuza kuwa tarakimu imeguswa, lakini wino ukiwa mmoja ni nadra yakujuze ipi ilitangulia. Mistari mingine ikiwa na kilo 2,272, jumla itakuwa 2,410 au 2,460, na baina yake mna shilingi 30,000 za mtu. Chini ya ukurasa pakiwa pameandikwa 2,410, usikimbilie kuifuta 188: jumla ile yashuhudia tu tarakimu aliyoiona mjumlishaji siku ile, na yamkini alijumlisha kabla ya marekebisho. Kwa hiyo naandika "138 au 188, jumla ya ukurasa yaafiki 138", na hesabu zote zinazofuata nazipitisha kwa njia mbili. Kuweka wastani, yaani 163, ni kubuni mzigo ambao hakuna aliyeupima.

Hutokea mkulima akaleta stakabadhi yake, nakala ya kaboni ya mstari uleule wa daftari. Hiyo nayo yataka makini, kwa sababu kaboni huhifadhi yale tu yaliyoandikwa kabla karatasi haijachanwa: nakala ikionyesha 138 safi, isiyo na alama ya kurudiwa, basi 8 ilipandishwa juu ya 3 baada ya nakala kuchanwa, na swali sasa si la macho tena, bali ni la nani aliyebaki na daftari.