Oda ya mtandaoni

Oda ya mtandaoni ni kumbukumbu ambayo mfumo wa duka huiandika mteja anapothibitisha kwenye tovuti anataka bidhaa gani, kiasi gani, na ipelekwe wapi. Hupewa namba yake, na hali yake hubadilishwa kadiri malipo na mzigo vinavyosogea. Bado si mauzo, na hapo ndipo wengi hukosea.

Baadhi ya waandishi huiita agizo. Kitenzi kuagiza ni cha siku nyingi katika biashara, ila agizo ni pia amri ya mkubwa, na amri haikataliwi. Mwenye duka anaweza kuikataa oda, kwa mfano mzigo ukiwa umekwisha. Neno oda, ambalo wafanyabiashara wenyewe hulitumia, linafaa zaidi.

Tuseme mwanamke mwenye duka Buigiri, wilayani Chamwino, kando ya barabara kuu ya Dodoma kwenda Morogoro, amefungua tovuti kwa WooCommerce. Anauza mafuta ya alizeti. Malipo ni kwa lipa namba, aliyoiandika katika sehemu ya malipo ya benki, kwa hiyo tovuti haiwezi kujua pesa zikiingia. Oda yake ya kwanza inatoka Morogoro: madumu mawili ya lita 5, kila moja shilingi 30,000, na nauli ya mzigo 5,000. Jumla ni 65,000.

Oda inaingia ikiwa `on-hold`, yaani inasubiri uthibitisho wa malipo. Papo hapo mfumo unapunguza madumu mawili kwenye hesabu ya stoo. Mteja asipolipa, madumu hayo yatabaki yamefungiwa mpaka mwenye duka aifute oda kwa mkono wake, maana mfumo hufuta wenyewe oda zilizo `pending` tu.

Baadaye mteja anatuma picha ya ujumbe wa malipo. Picha hughushiwa, na ujumbe wenyewe pia, kwa hiyo mwenye duka anafungua orodha ya miamala ya akaunti yake. Anakuta 60,000, mteja amesahau nauli. Anampigia.

“Dada, pesa nimeiona, imebaki elfu tano ya basi.”

“Samahani dada, naituma sasa hivi.”

Baada ya kuiona hiyo elfu tano ndipo anaibadili hali kuwa `processing`: imelipiwa, mzigo uandaliwe. Anakaza vifuniko, anavizungushia utepe wa gundi, na kuandika namba ya oda kwa kalamu nene ubavuni mwa kila dumu. Basi linapopita anamkabidhi kondakta, kisha anaandika namba ya gari na ya simu ya kondakta.

WooCommerce ya kawaida haina hali ya “mzigo uko njiani”. Oda hubaki `processing` safari nzima, na namba hizo huandikwa kama maelezo kwa mteja ndani ya oda, nayo humfikia kwa barua pepe. Mteja akishapokea madumu yake Morogoro, mwenye duka anaweka `completed`.