Monita Alikuwa Akifundisha

Kama ulisomea shule ya msingi hapa Kenya, unamjua monita. Mwalimu akitoka, yeye ndiye anayebaki mbele ya darasa na kipande cha karatasi, akiandika majina ya wapiga kelele. Ukijitetea, jina lako linawekewa alama ya pili. Mwalimu akirudi anaisoma ile karatasi, na aliyeandikwa anajua kinachomsubiri.

Miaka 200 hivi iliyopita, mtoto aliyeitwa monita katika shule za watoto maskini wa London alikuwa na kazi nyingine kabisa. Alifundisha. Alipewa wenzake kumi hivi, akawasomesha herufi, tahajia na hesabu. Sasa swali: ilikuwaje mfundishaji akageuka kuwa mwandishi wa majina? Jibu linaanzia mbali, kwenye mchanga wa kusini mwa India.

Mwaka 1623 msafiri Mwitaliano, Pietro della Valle, alipita huko akawakuta wavulana wanne wamekaa kwenye ukumbi wa hekalu. Walikuwa wakijifunza hesabu kwa kuimba pamoja huku wakiandika tarakimu kwa vidole kwenye mchanga mwembamba uliotandazwa chini. Mwalimu hakuwepo. Akawauliza: je, mmoja akisahau, nani atamsahihisha? Wakamwambia haiwezekani wote wanne wasahau mahali pamoja. Huyu akikosea, yule atamshika. Hawakuona ajabu yoyote katika jambo hilo. Hata kwenye vyuo vya Kurani vya pwani yetu, mwanafunzi aliyetangulia kumsikiliza mdogo akisoma ubao wake ni jambo la kawaida.

Karne moja na nusu baadaye, Mskoti aitwaye Andrew Bell alitua India. Kuanzia 1789 alisimamia makao ya mayatima wa kiume huko Egmore, Madras, mji ambao leo unaitwa Chennai. Wengi wao baba zao walikuwa wanajeshi wa Kizungu na mama zao Wahindi. Siku moja akiwa juu ya farasi alipita shule ya wenyeji akawaona watoto wakiandika kwenye mchanga. Akarudi mbio kwa walimu wake: tufundishe alifabeti hivi! Wale walimu, watu wazima wenye mazoea yao, hawakutaka. Bell hakubishana nao sana. Alimchukua mwanafunzi mmoja, John Frisken, mtoto wa miaka 8, akamkabidhi darasa la wanaoanza. Frisken akaweza kile walimu walichosema hakiwezekani. Taratibu Bell akaikabidhi shule yake kwa watoto wenyewe, na mwaka 1797, akiwa amerudi Uingereza, akachapisha taarifa ya jaribio hilo.

Bell alisisitiza jambo moja ambalo watu hulisahau: aliyefaidika si mdogo peke yake. Anayefundisha naye hujifunza, pengine kumshinda anayefundishwa.

London ikachukua wazo hilo ikaacha nusu yake. Mwaka 1798 kijana wa miaka 20, Joseph Lancaster, alianza kufundisha watoto maskini kusini mwa mto Thames. Watoto walikuja wengi, pesa za kuajiri walimu hakuna. Naye akaingia kwenye mtindo wa monita, akaupanga kama kiwanda. Fikiria ukumbi mmoja mkubwa, mamia ya watoto kwenye mabenchi, mwalimu mmoja tu juu ya jukwaa. Lancaster alijigamba kwamba mwalimu mmoja angeweza kuendesha watoto 1,000. Maandishi makubwa yalitundikwa ukutani, kwa sababu kitabu kimoja kwa kila mtoto kilikuwa ghali. Vikundi vilisimama nusu duara mbele ya karatasi hizo, monita akaashiria neno kwa kijiti, watoto wakalitamka, akahamia neno linalofuata. Amri zilikuwa za kijeshi: inua kibao, onyesha kibao, shusha kibao. Fimbo hakuitaka, lakini mkosaji angeweza kufungwa gogo shingoni au kuwekwa ndani ya kapu na kuning'inizwa juu darini, wenzake wakimtazama.

Watawala na wafadhili waliupenda mtindo huu kwa sababu ulikuwa rahisi mfukoni. Ukasambaa Ulaya, Amerika na makoloni. Na hapo ndipo shida ilipoota. Monita wa Lancaster alifundishwa somo asubuhi, akaenda kulirudia kama lilivyo. Mtoto akiuliza kwa nini, jibu halikuwepo, wala nafasi ya kuuliza haikuwepo, maana kikundi kizima kilikuwa kinasubiri amri inayofuata. Monita mwenyewe saa zake za kusoma ziliishia kwenye kazi ya kufundisha bure. Kwa maneno mengine, alikuwa kipaza sauti. Na kipaza sauti, hata kikitumika mwaka mzima, hakijifunzi chochote.

Serikali ya Uingereza ilikuja kuliona hilo. Mwaka 1846, chini ya James Kay-Shuttleworth, uliletwa mpango mwingine. Kijana wa miaka 13 aliajiriwa kwa miaka mitano, akalipwa pauni 10 mwaka wa kwanza zikipanda hadi 20. Muhimu zaidi, mwalimu mkuu alilazimika kumfundisha yeye binafsi saa moja na nusu kila siku ya shule. Yaani anayefundisha alirudishiwa haki ya kusoma. Lakini kazi hiyo sasa ilikuwa njia ya kuingia ualimu. Ile imani ya Bell, kwamba mtoto wa kawaida atafaidika kwa kumfundisha mwenzake, ililala kwa zaidi ya miaka 100.

Iliamkia New York. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, mtaa wa Lower East Side ulikuwa na familia nyingi maskini, wengi wao wakiwa Wapuerto Riko na Waamerika Weusi. Shirika moja la mtaani, Mobilization for Youth, liliwaajiri vijana wa shule za sekondari kuwasaidia watoto wa darasa la nne na la tano kusoma. Hawakuchagua wale wa namba moja. Baadhi ya vijana hao walikuwa wenyewe nyuma sana katika kusoma. Mzazi gani wa Nairobi angekubali mtoto wake afundishwe na mtu wa mkia?

Mtafiti Robert Cloward aliwapima wote, na mwaka 1967 akachapisha matokeo. Watoto waliosaidiwa saa nne kwa wiki walipanda kiwango cha kusoma kwa miezi sita ndani ya miezi mitano, ilhali wenzao ambao hawakusaidiwa walipanda mitatu na nusu. Hiyo ni nzuri, ingawa si muujiza. Kilichoshtua ni upande wa pili. Vijana waliofundisha walipanda kwa miaka 3.4 ndani ya miezi saba, na wenzao ambao hawakufundisha walipanda kwa mwaka 1.7.

Hapo tuwe waangalifu. Ukiona kundi ambalo halikupata chochote nalo limepanda karibu miaka miwili ndani ya miezi saba, jua kipimo chenyewe kinavuta juu. Pengine kurudia mtihani kulisaidia kila mtu. Kwa hiyo usiibebe ile 3.4 peke yake kama bango. Beba tofauti kati ya makundi mawili. Hiyo ndiyo habari. Tafiti zilizofuata zilikuwa na utulivu zaidi. Mwaka 1982 Peter Cohen, James Kulik na Chen-Lin Kulik walikusanya tafiti 65 za aina hii. Kati ya 52 zilizolinganisha matokeo ya mitihani ya wanaofundishwa, 45 zilionyesha wamewapita wenzao. Wanaofundisha nao walipata faida, ndogo kidogo kuliko ya wanafunzi wao, lakini ipo.

Sasa kwa nini kijana wa Lower East Side alipata kile ambacho monita wa London alikikosa? Tuchukue mfano wa kubuni. Msichana wa gredi ya 9 anamsaidia mdogo wa gredi ya 6 kujumlisha nusu na thuluthi. Mdogo ameandika 1/2 + 1/3 = 2/5. Monita wa Lancaster angesema: umekosea, jibu ni 5/6, andika. Mdogo anaandika. Wote wawili wanaondoka walivyokuja.

Lakini hapa ni watu wawili mezani, hakuna amri. Mdogo anauliza, "Mbona si 2/5, na juu nimejumlisha, chini nimejumlisha?" Msichana anafungua mdomo, halafu ananyamaza. Yeye anajua kutafuta namba ya chini inayofanana, ila hajawahi kuulizwa kwa nini. Anachora chapati. Nusu ya chapati, uliyonayo tayari. Ukiongezewa kipande, unaweza kuwa na chapati pungufu? Mdogo anacheka: hapana. Basi 2/5 ni 4/10, na nusu ni 5/10. Jibu lako ni dogo kuliko nusu uliyoanza nayo! Kisha wanaigawa chapati vipande sita: nusu ni vitatu, thuluthi ni viwili, jumla vitano. 5/6.

Ile dakika ya kunyamaza ndiyo faida ya msichana. Alilazimika kurudi kwenye jambo alilodhani analijua, akaliunganisha upya. Mwaka 2007 Rod Roscoe na Michelene Chi walipitia tafiti kuhusu wanafunzi wanaofundisha wenzao, wakaona wengi wao hupenda kusimulia tu wanachokijua. Wanaojifunza zaidi ni wale wanaokijenga upya wakati wa kueleza, na mara nyingi kinachowasukuma ni swali la mdogo.

Kwa hiyo ukitaka kujua kama mpango wa aina hii unafanya kazi au ni kumtumia mkubwa kama mwalimu wa bei rahisi, angalia meza kwa dakika kumi. Nani ameshika penseli? Kama ni mkubwa, mdogo anatazama tu. Nani anauliza? Kama hakuna swali la mdogo, mkubwa anasimulia. Na wakiondoka, mwambie mdogo afanye swali jingine peke yake, kisha mtazame mkubwa: je, amepewa muda wake wa kusoma, na mwalimu wa kumrekebisha alipopotosha? Kosa la mkubwa likiachwa, linahamia kwa wawili.

Tulichorithi sisi kutoka kwa Lancaster ni jina na nidhamu. Kufundisha kuliondolewa, amri ikabaki, na ile karatasi ya wapiga kelele ni masalio yake. Ajabu ni kwamba mara nyingi kelele zenyewe huanza hivi: mtoto mmoja anamgeukia mwenzake wa nyuma, anamnong'oneza, "Hii umepataje?"