Lebo ya Kopo la Maziwa ya Mtoto

Lebo ya kopo la maziwa ya mtoto ni maandishi yanayozunguka kopo la maziwa ya unga yaliyotengenezwa kwa ajili ya mtoto mchanga asiyenyonya, au anayenyonya na kuongezewa. Kanuni ya kimataifa kuhusu uuzaji wa vibadala vya maziwa ya mama, iliyopitishwa na Mkutano wa Afya Duniani mwaka 1981, inataka lebo hiyo ieleze kwa lugha inayoeleweka namna ya kuandaa maziwa, na ionye kuhusu madhara ya kuyaandaa vibaya. Kenya ina sheria yake ya mwaka 2012 kuhusu bidhaa hizi. Hata hivyo makopo mengi yanayofika madukani, na zaidi yale yanayoletwa na ndugu kutoka safarini, huwa na maandishi ya lugha ambayo anayemlisha mtoto haisomi. Kwa bahati nzuri, sehemu ya lebo yenye uzito mkubwa ni tarakimu, na tarakimu husomeka katika lugha yoyote.

Kabla ya tarakimu hizo, hakikisha kopo lenyewe ndilo. Namba 1 iliyoandikwa kwa ukubwa mbele ya kopo kwa kawaida humaanisha maziwa ya kuanzia kuzaliwa, namba 2 ya kuanzia miezi 6, na namba 3 ya kuanzia mwaka mmoja. Maziwa ya unga ya kutilia chai si maziwa ya mtoto mchanga, hata yakikaa rafu moja na hayo mengine na kopo lake likafanana nayo.

Kijiko na maji yake

Ndani ya kila kopo mna kijiko cha plastiki cha kupimia. Hicho ni cha kopo hilo tu. Katika makopo mengi yanayouzwa Ulaya na Afrika Mashariki, kijiko kimoja huenda na mililita 30 za maji. Katika makopo mengi ya Marekani, kijiko ni kikubwa na huenda na mililita 60. Yapo pia makopo yenye kijiko cha mililita 50. Ukiviweka vijiko hivyo mezani kimoja kimoja, kwa siku tofauti, huwezi kuvitofautisha kwa macho. Mwaka 2022, maziwa ya watoto yalipoadimika Marekani na serikali ya huko ikaruhusu makopo kutoka nje, wazazi waliozoea kijiko cha mililita 60 walijikuta na makopo ya Ulaya ya mililita 30, tena yaliyopimwa kwa mililita wakati chupa zao walizisoma kwa aunsi. Jambo hilohilo hutokea Dar es Salaam au Mombasa kopo la kawaida likikosekana na baba akarudi na la aina nyingine, huku kijiko cha zamani kikiwa bado kimo kwenye droo.

Kijiko cha mililita 60 kikitumiwa kwa mililita 30 za maji, maziwa huwa mazito mara mbili. Figo za mtoto mchanga haziwezi kuitoa chumvi yote hiyo bila kutumia maji mengi ya mwili. Mtoto hukojoa kidogo na mkojo wenye rangi kali, choo huwa kigumu, na hulia kwa kiu. Kilio hicho hudhaniwa ni njaa, akapewa maziwa yaleyale mazito. Kinyume chake, kijiko kidogo kikitumiwa kwa maji mengi, mtoto hushiba tumbo lakini haongezeki uzito, na maji yakizidi sana chumvi ya damu hushuka hadi mtoto akalegea au kupata degedege. Mtoto mwenye dalili hizi apelekwe hospitali, na kopo pamoja na kijiko vibebwe ili mganga avione.

Kijiko hujazwa kwa mfuto. Wapimaji nafaka wa pwani walitofautisha kibaba cha mfuto, kilichofutwa juu kikawa sawa na ukingo, na kibaba cha tele, chenye kilima. Lebo haitaki tele hata kidogo. Makopo mengine yana ukingo wa ndani wa kusawazishia, na pasipo ukingo huo mgongo wa kisu safi na kikavu unatosha. Unga usishindiliwe ndani ya kijiko, maana ulioshindiliwa huwa mwingi kuliko ulioachwa ukae wenyewe.

Tuchukue mfano wa kopo la gramu 400. Lebo inasema kijiko kimoja ni gramu 4.4 na huenda na mililita 30 za maji. Jedwali lake, kwenye mstari wa mtoto wa miezi miwili, linaonyesha maji mililita 150, vijiko 5, mara 5 kwa siku. Hesabu ya kwanza ni kugawa 150 kwa 30. Jibu ni 5, kwa hiyo jedwali linakubaliana na kijiko. Pasipokubaliana, umesoma mstari usio wako, au kijiko ulichoshika si cha kopo hilo.

Hesabu ya pili haifanywi na wengi, nami naiona ndiyo yenye faida kuliko zote. Vijiko 5 vya gramu 4.4 ni gramu 22 kwa mlo mmoja. Milo mitano ni gramu 110 kwa siku. Kopo la gramu 400, basi, huisha kabla ya siku ya nne kwisha. Kopo hilo likidumu wiki moja na nusu kwa mtoto asiyenyonya kabisa, maziwa yanatiwa maji mengi mno au mtoto hali ya kutosha. Familia inayobana matumizi huona fahari kopo likikaa, na anayepunguza vijiko mara nyingi ni mtu mwenye mapenzi makubwa na mtoto lakini hana fedha ya kopo la pili. Hesabu hii ifanywe kabla ya kununua kopo la kwanza, ili mama ajue mapema kwamba mtoto huyu atahitaji makopo manane hivi kwa mwezi. Akiona hayawezekani, aende kliniki azungumze na muuguzi kuhusu kunyonyesha au kurudisha maziwa yaliyopungua, kabla hayajakauka kabisa.

Maji hutangulia chupani, unga hufuata. Lebo hulionyesha jambo hili kwa michoro, na kila mchoro una sababu yake. Gramu 22 za unga huchukua nafasi ya mililita kama 16. Ukitia unga kwanza kisha ukajaza maji hadi mstari wa 150, maji yenyewe hayafiki mililita 135, na maziwa yamezidi uzito kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi. Kwa sababu hiyohiyo, maziwa yaliyo tayari huonekana kupita mstari wa 150. Hilo ni sawa, usimwage ya juu kabla ya kutikisa. Chupa isomwe ikiwa imekaa mezani, macho yakiwa usawa wa mstari.

Kijiko kikipotea, kijiko cha chai si badala yake. Mizani ndogo ya jikoni inayoonyesha gramu inatosha: kwa kopo la mfano wetu, gramu 22 kwa mililita 150.

Moto wa maji

Hapa lebo nyingi zina upungufu, na msomaji anastahili kuujua. Unga wa maziwa ya mtoto haukuuliwa vijidudu vyote kiwandani. Kopo jipya kabisa, lililofungwa vizuri, laweza kuwa na bakteria wachache, na wanaoogopwa zaidi ni kronobakta na salmonela. Kwa hiyo mwongozo wa Shirika la Afya Duniani na Shirika la Chakula na Kilimo wa mwaka 2007 unataka maji yanayokutana na unga yasipungue nyuzijoto 70, ili yawaue. Lebo nyingi husema tu chemsha maji, yaache yawe vuguvugu, kisha changanya. Maji vuguvugu hayaui kitu. Huwapa bakteria joto wanalolipenda.

Lita moja ya maji yaliyochemka, ikiachwa ndani ya birika lenye kifuniko kwa muda usiozidi nusu saa, hubaki na joto hilo. Kikombe kimoja cha maji hupoa haraka zaidi, kwa hiyo usihesabu nusu saa kwa maji kidogo. Baada ya kuchanganya, chupa ipoozwe kwenye bakuli la maji baridi, na tone lijaribiwe upande wa ndani wa kifundo cha mkono. Kwa mtoto aliye chini ya miezi miwili, aliyezaliwa kabla ya wakati au mwenye kinga dhaifu, mimi ningefuata nyuzijoto 70. Lebo ikikataza maji ya moto kwa sababu unga umetiwa bakteria wenye manufaa, muulize mhudumu wa afya kama kuna aina nyingine inayomfaa.

Chupa ya chai, ile tunayowekea chai ya asubuhi, husaidia sana usiku ikiwekwa maji yaliyochemka peke yake. Maziwa yaliyokwisha kuchanganywa yasiwekwe humo kamwe. Yakiandaliwa na kukaa nje, mwisho wake ni saa mbili, na yaliyobaki baada ya mtoto kunyonya humwagwa. Kwenye friji yenye baridi chini ya nyuzijoto 5, yaliyopoozwa haraka na ambayo hayajaguswa na mtoto huweza kukaa hadi saa 24.

Kopo lililofunguliwa

Tarehe ya EXP chini ya kopo ni ya kopo lisilofunguliwa. Ukishalitoboa, saa nyingine huanza, nayo imeandikwa kwa herufi ndogo ubavuni: makopo mengi husema wiki 3, mengine wiki 4. Mtoto wa mfano wetu hatafika huko. Muda huu unamhusu anayenyonya na kuongezewa chupa moja moja, kwa sababu kopo lake hukaa. Andika tarehe ya kufungua kwa kalamu ya wino mzito juu ya kifuniko.

Kopo likae mahali pakavu na pa baridi ya kawaida, mbali na jiko na dirisha la jua. Lisiwekwe kwenye friji, kwa kuwa kila linapotolewa hewa ya joto huacha unyevu ndani. Unga ulioganda mabonge, uliobadilika rangi au unaonuka mafuta ya zamani hautumiki, hata kama wiki hazijatimia.

Unga usihamishiwe kwenye mkebe mwingine. Namba ya toleo, yenye neno LOT au BATCH, imechapwa kwenye kopo lenyewe. Desemba 2017, kampuni ya Lactalis ya Ufaransa ilipoanza kurudisha maziwa ya watoto kwa sababu ya salmonela, na baadaye makopo na maboksi yakaitwa kutoka nchi zaidi ya 80, kilichomwambia mzazi kama lake limo kilikuwa kwenye maandishi ya kopo.

Na kopo likiisha, tupa kijiko chake pamoja nalo.